Ejo ni jana au kesho?

Nemba iko upande wa Kagera ambako Rwanda na Burundi haziko mbali, na masikio ya watu wa huko yamezoea lugha zaidi ya moja kwa siku. Katika Kinyarwanda na Kirundi kuna neno dogo linalomsumbua Mswahili: *ejo*. Maana yake ni jana, na maana yake ni kesho pia. Kinachoamua ni kitenzi. *Naguze igitabo ejo* ni nilinunua kitabu jana. *Nzagura igitabo ejo* ni nitanunua kitabu kesho. Mkalimani anayeliangalia neno *ejo* peke yake hana la kusema. Sasa weka dawa mahali pa kitabu, na zahanati mahali pa duka, utaona kwa nini kosa la neno moja si la kuchekea.

Naliandika hili kwa sababu neno hilo linaeleza, kuliko mchoro wowote niliouona darasani, kilichotokea kwenye tafsiri ya mashine kati ya 2014 na 2017.

Mwaka 2014 makundi mawili yalifikia wazo linalofanana. Montreal walikuwa Kyunghyun Cho, Yoshua Bengio na wenzao. Google walikuwa Ilya Sutskever, Oriol Vinyals na Quoc Le. Wazo lilikuwa kuunganisha mitandao miwili ya neva. Wa kwanza, kisimbaji, unasoma sentensi neno baada ya neno, na kila neno linabadilisha kidogo kumbukumbu yake, yaani safu ya namba tunayoiita vekta. Likiisha neno la mwisho, vekta iliyobaki ndiyo sentensi nzima. Wa pili, kisimbuzi (kina jina moja na kile kilicho juu ya televisheni, na kazi yao inakaribiana), kinapokea vekta hiyo na kuandika tafsiri, neno moja kwa wakati, hadi kitoe alama ya kumaliza.

Tatizo liko kwenye ile vekta moja. Ukubwa wake haubadiliki, iwe sentensi ina maneno matatu au hamsini. Ni kama mkalimani wa mahubiri anayezuiwa kuandika chochote, akaambiwa asubiri mchungaji amalize ndipo aanze. Sentensi fupi ataiweza. Ndefu ataianza vizuri na kuimalizia kwa kubuni. Sutskever na wenzake waligundua kwamba wakiigeuza sentensi ya chanzo, neno la mwisho likisomwa kwanza, alama za BLEU, kipimo cha tafsiri, zinapanda kutoka 25.9 hadi 30.6. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa dalili ya ugonjwa zaidi kuliko dawa. Kama mpangilio wa kusoma unaleta tofauti kubwa hivyo, kumbukumbu inavuja.

Dzmitry Bahdanau alifika Montreal kama mwanafunzi wa mafunzo kazini, akitokea Jacobs, chuo kikuu cha Bremen. Baadaye alisimulia kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa na vielekezi viwili, kimoja kwenye sentensi ya chanzo na kingine kwenye tafsiri, likawa gumu mno kutekeleza. Kisha akakumbuka mazoezi ya tafsiri aliyoyafanya shuleni akijifunza Kiingereza: macho huenda kwenye chanzo, hurudi kwenye daftari, huenda tena. Kwa nini kisimbuzi kisijifunze chenyewe pa kutazama?

Makala yake na Cho na Bengio ilitoka Septemba 2014. Humo kisimbaji hakitupi kumbukumbu za katikati. Kila neno la chanzo linabaki na vekta yake, na usomaji unafanyika pande mbili, kutoka mwanzo na kutoka mwisho, ili vekta ya neno ibebe pia harufu ya majirani zake. Kabla ya kuandika kila neno jipya, kisimbuzi kinayapa alama maneno yote ya chanzo:

```
e_ij = v · tanh(W s_(i-1) + U h_j)
a_ij = exp(e_ij) / Σ_k exp(e_ik)
c_i  = Σ_j a_ij h_j
```

Hapo `s` ni hali ya kisimbuzi kwa sasa, `h_j` ni vekta ya neno la chanzo, na `v`, `W`, `U` ni namba zinazofunzwa pamoja na mtandao wote. Turudi kwa *Nzagura igitabo ejo*. Kisimbuzi kimeshaandika "Nitanunua kitabu" na kinatafuta neno la tatu. Tuseme (namba ni zangu, za mfano tu) *nzagura* limepata alama 1, *igitabo* 0, *ejo* 2. Mstari wa pili unazigeuza kuwa migao inayojumlika kuwa moja: 0.24, 0.09 na 0.67. Mstari wa tatu unachanganya vekta za maneno hayo kwa migao hiyo. Theluthi mbili za mchanganyiko zimetoka kwa *ejo*, lakini robo hivi imetoka kwa kitenzi chenye *-za-* ya wakati ujao. Kwa hiyo "kesho" linashinda "jana". Kwa neno linalofuata migao inahesabiwa upya.

Hakuna aliyeufundisha mtandao kwamba neno hili ni la lile. Ulijifunza kwa kuona jozi za sentensi tu, na kila kosa la tafsiri lilirudi nyuma kurekebisha hata mahali pa kutazama. Jina "umakini", kwa maelezo ya Bahdanau, lilitoka kwa Bengio mwishoni mwa uhariri. Wenyewe mfumo waliuita RNNsearch.

Matokeo ya Kiingereza kwenda Kifaransa yalitoka 17.82 hadi 26.75, mitandao yote ikiwa imefunzwa kwa sentensi zisizozidi maneno 50. Mfano mmoja ndani ya makala haunitoki kichwani. Sentensi ndefu inazungumzia haki ya daktari kulaza mgonjwa, kulingana na wadhifa wake kama mhudumu wa afya hospitalini. Mfumo wa vekta moja ulianza vizuri, kisha ukaandika kwamba inategemea hali yake ya kiafya. Maneno yanafanana, sentensi inasomeka, na maana imekufa. Kosa la namna hii halionekani bila kurudi kwenye chanzo.

Huku kwetu kazi ya kuoanisha maneno ilikuwa na historia yake. Mwaka 2009 Guy De Pauw, Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Gilles-Maurice de Schryver waliwasilisha SAWA, mkusanyiko wa matini sambamba za Kiingereza na Kiswahili. Wakakutana na kikwazo tunachokijua: "hatukuwaambia" ni neno moja kwetu na sentensi nzima kwa wengine. Umakini peke yake haukuliondoa hilo. RNNsearch ilijua maneno 30,000 kwa kila lugha, na lililo nje ya hapo liligeuka alama ya "sijui". Kwa Kifaransa unavumilia. Kwa lugha inayojenga vitenzi kama yetu, nusu ya hadithi iko humo. Nafuu ilikuja Rico Sennrich na wenzake wa Edinburgh walipoanza kukata maneno vipande vinavyojirudia.

Kilichobaki kilikuwa mwendo. Kisimbaji bado kilisoma kwa foleni: neno la tano halihesabiwi kabla ya la nne, hata ukiwa na mashine ya kufanya hesabu elfu kwa pamoja. Juni 2017 Ashish Vaswani na wenzake saba waliondoa foleni na kubakiza umakini. Katika transfoma *ejo* halisubiri kisimbuzi kulitazama; lenyewe, humo ndani ya sentensi yake, linamtazama *nzagura* moja kwa moja.