Chekeche la Eratostene na Ufundi wa Vipande

Eratostene wa Kirene, mkuu wa maktaba ya Iskandaria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa njia ya kutenga namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Habari hiyo yapatikana kwa Nikomako wa Gerasa, aliyeandika yapata mwaka 100 baada ya Kristo. Yeye aliiita njia hiyo koskinon, neno la Kiyunani lenye maana ya chekeche. Namba hupangwa kwa safu, kisha hufutwa vigawe vya kila namba tasa. Zisizofutwa ndizo tasa.

Ila ya chekeche hili ni kwamba lataka safu nzima iwepo kwa mara moja. Mtu akitaka kufika trilioni 1, hata akiacha namba shufwa na kuipa kila namba witiri alama moja tu, atahitaji alama bilioni 500. Kompyuta za miaka ya 1970 hazikuwa na kumbukumbu ya kuzihifadhi.

Dawa yake ni kuikata safu vipande, na kuchekecha kimoja baada ya kingine mahali pale pale. Kitu cha kuhifadhi daima ni tasa ndogo tu, zisizozidi kipeuo cha pili cha mwisho wa safu. Kwa trilioni 1 kipeuo hicho ni milioni 1, na tasa zake ni 78,498.

Na tuchukue kipande cha 100 hadi 119. Tasa za kufutia ni 2, 3, 5 na 7. Saba hufuta 105, 112 na 119, na kigawe chake kifuatacho, 126, huwekwa akiba kwa kipande kijacho. Hubaki 101, 103, 107, 109 na 113. Katika kipande cha 120 hadi 139 hapana budi 11 iingie, kwa kuwa 11 mara 11 ni 121. Ikisahauliwa, 121 itapita kama tasa. Kosa hilo hujulikana kwa hesabu ya jumla: tasa hadi 139 ni 34, nazo zitaonekana 35.

Wala kipande kisiwe kifupi mno, maana kila kimoja hulazimu kuzipitia tasa ndogo zote, hata zisizokigusa.

Carter Bays na Richard Hudson walieleza chekeche la vipande mwaka 1977, wakiwa wamefika trilioni 1. Walichunguza swali hili: tasa zenye baki 2 zikigawanywa kwa 3 huwatangulia wenzao wenye baki 1 kwa idadi, je, hupitwa lini? Tarehe 25 Desemba 1976 waliligundua jibu: mara ya kwanza ni kwenye 608,981,813,029. Kabla ya hapo, mwenye kutazama mamilioni ya mwanzo angeshawishika kuwa hazipitwi kamwe.