Kosa la katikati na kosa la upole katika tathmini ya watumishi

Kosa la katikati ni kasoro ya upimaji ambapo msimamizi huwapa karibu watumishi wote alama za katikati ya kipimo, ingawa utendaji wao unatofautiana. Kosa la upole ni ndugu yake: msimamizi huwapa wote alama nzuri kuliko wanazostahili, zile ambazo maofisini huitwa alama za huruma. Makosa haya mawili yakikutana, orodha nzima hujaa alama moja iliyo katikati au juu yake kidogo.

Kosa la katikati lisichanganywe na wastani unaofundishwa katika somo la hisabati. Wastani ni hesabu halali ya alama zilizopo. Kosa linalozungumziwa hapa hutokea kabla ya hesabu, wakati alama inapoandikwa.

Mwanasaikolojia Mmarekani Harry Hollingworth alieleza jambo la namna hii mwaka 1910. Watu waliotakiwa kukadiria ukubwa wa vitu walivipunguza vilivyo vikubwa na kuviongeza vilivyo vidogo, hivyo makadirio yao yakasogea katikati. Hawakuwa na sababu ya kumwonea mtu haya. Maana yake ni kwamba sehemu ya kosa hili hutokana na kukosa uhakika tu: asiyejua vizuri hukisia katikati.

== Katika utumishi wa umma Tanzania ==

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 watumishi wa serikali ya Tanzania walipimwa kwa taarifa ya siri, ambayo mtumishi mwenyewe hakuiona. Mwaka 2004 ulianza kutumika Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake cha Kiingereza, OPRAS. Mtumishi na msimamizi walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka wa fedha, yaani Julai, wakayapitia katikati ya mwaka, kisha wakapeana alama mwezi Juni. Kipimo kilikuwa cha 1 hadi 5, na msomaji aliyezoea alama za shule aangalie hapa: 1 ndiyo bora kabisa, 3 ni wastani na 5 ni dhaifu sana.

Jambo la kuangaliwa katika fomu hiyo ni safu zake tatu za alama. Ya kwanza hujazwa na mtumishi akijipima, ya pili na msimamizi, na ya tatu ni alama waliyokubaliana. Uwazi huo ulikuwa na faida yake, kwa kuwa mtu hakuhukumiwa tena gizani. Lakini makubaliano kati ya wawili huishia katikati yao. Mtumishi akijipa 1 na msimamizi akaandika 3, njia rahisi ya kumaliza mazungumzo ni 2. Msimamizi anayejua hayo huanza kulegeza mapema, ili pasiwe na la kubishania.

== Mfano wa Same ==

Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, inaonyesha vizuri jinsi umbali unavyozaa kosa hili. Makao makuu ya wilaya yako mjini Same, kwenye tambarare kavu kando ya barabara ya Moshi na Dar es Salaam. Kata nyingi ziko juu katika Milima ya Pare, na nyingine upande wa pili wa safu hiyo, kama Ndungu yenye skimu ya mpunga. Mkuu aliye mjini hawezi kuwaona maafisa ugani wake mara kwa mara.

Tuchukue maafisa watatu wa kubuni. A yuko milimani kwa wakulima wa tangawizi, B yuko bondeni kwenye mpunga, na C yuko kwa wafugaji wa nyanda kavu. Kila mmoja ameahidi kuendesha mafunzo 24 kwa mwaka, na ana malengo mengine matatu: mashamba ya mfano, taarifa za mwezi, na kushughulikia magonjwa ya mimea au mifugo. Mwisho wa mwaka A ameendesha mafunzo yote 24, B 17 na C 9.

Kama msimamizi angeandika anachokiamini, A angepata 1, 1, 2, 2, wastani 1.5. B angepata 3, 2, 3, 2, wastani 2.5. C angepata 4, 5, 4, 4, wastani 4.25. Tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho ingekuwa 2.75.

Sasa tuone kinachoandikwa. Kwa A msimamizi anasita, kwa kuwa mlimani amefika mara moja tu na hana ushahidi wa kutetea alama ya 1. Anampa 2 kwa kila lengo. B amejipima juu, wanazungumza, na makubaliano ni 2, 2, 3, 2, wastani 2.25. Kwa C mambo ni magumu zaidi. Alama ya 4 ni madai, na madai huhitaji maelezo ya maandishi, pengine na rufaa. Isitoshe, fomu huangaliwa mtu anapofikiriwa kupandishwa cheo, naye msimamizi atakutana na C sokoni, kanisani au msikitini, na kwenye misiba. C anapewa 3 kila mahali.

Alama zimekuwa 2, 2.25 na 3. Tofauti ya 2.75 imebaki 1, na zikikadiriwa kuwa namba nzima, A na B wako sawa kabisa. Aliyeumia zaidi hapa ni A. Hakuna aliyemwonea, lakini mafunzo yake saba ya ziada hayaonekani popote, na mwakani ataona wazi kwamba 17 yanatosha.

== Kulitambua ==

Dalili ya kwanza ni mtawanyiko mdogo: alama za msimamizi mmoja zikirundikana kwenye namba moja au mbili. Dalili hiyo peke yake haitoshi, maana watumishi watatu wanaweza kuwa sawa kweli. Ndiyo maana alama hulinganishwa na kitu kilichohesabika nje ya fomu, kama idadi ya mafunzo hapo juu. Mafunzo yakitofautiana toka 24 hadi 9 huku alama zikikaribiana, kosa lipo. Dalili nyingine ni namba ileile kushuka kutoka juu hadi chini ya fomu, ishara kwamba malengo hayakupimwa moja moja.

== Njia za kulipunguza ==

Njia inayojulikana zaidi ni kulazimisha mgawanyo. Kampuni ya General Electric ya Marekani, chini ya Jack Welch, iliwapanga watumishi wake kwa asilimia 20 za juu, 70 za kati na 10 za chini. Microsoft iliachana na upangaji wa namna hiyo mwaka 2013. Kwa idara yenye maafisa watatu hesabu hiyo haina maana: asilimia 10 ya watu watatu ni nani?

Njia iliyopendekezwa na Patricia Smith na Lorne Kendall mwaka 1963 inafaa zaidi ofisi ndogo. Kila alama huandikiwa tendo linaloonekana. Katika mfano wetu, 1 ingekuwa mafunzo 23 au zaidi yenye orodha ya mahudhurio, na 4 ingekuwa chini ya 12. Msimamizi akiandika matukio katika daftari mwaka mzima, Juni hategemei kumbukumbu. Njia hii haiondoi hata hivyo sababu ya kuwa mpole. Uchambuzi wa Jawahar na Williams wa mwaka 1997 ulionyesha kuwa alama zinazotumika kuamua mishahara na vyeo huwa za juu kuliko zinazotolewa kwa utafiti au kwa kumwendeleza mtumishi.

Katika mwaka wa fedha 2023/24 serikali ya Tanzania ilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS badala ya fomu za OPRAS. Humo mtumishi huingiza kazi zake hatua kwa hatua na msimamizi huzithibitisha. Kumbukumbu hiyo hupunguza kukisia Juni, lakini msimamizi anayethibitisha kila kinachoingizwa bila kukikagua huwa amehamishia upole wake kwenye kompyuta.