Masazo, Si Taka

Juzi redio ilinitia nyongo asubuhi na mapema. Bwana shamba alikuwa akiwasihi wakulima wa mahindi wasichome "taka za mazao". Sasa taka hufanywa nini kama si kuchomwa? Neno hilo, naambiwa, lilipitishwa na kamati, ambayo nashuku haikuwa na mjumbe hata mmoja mwenye sugu ya jembe.

Mimi nasema masazo. Chimbuko lake ni kitenzi cha kale kusaa, yaani kubaki, ambacho leo tunakisikia zaidi katika kusalia. Kusaza ni kuacha kitu kibaki. Ndiyo maana twasema fulani amekula akasaza. Yuko mwenzangu anayeng'ang'ania mabaki. Neno zuri, lina asili ya Kiarabu, lakini hata nyumba iliyoungua ina mabaki. Masazo yanamngoja mlaji mwingine, na shambani walaji hao ni mchwa, nyungunyungu na vijidudu wanaogeuza mabua kuwa mboji. Niliwahi kuyaeleza haya mbele ya kamati moja. Nilishukuriwa kwa mchango wangu, ikaletwa chai.

Ukiyachoma, kaboni na sehemu kubwa ya naitrojeni hupaa na moshi. Majivu hubaki na potasiamu na fosforasi, tena hupunguza uchachu wa udongo, kwa hiyo mahindi ya msimu unaofuata huweza kunawiri yakamdanganya mwenyewe. Lakini majivu hupeperushwa na upepo au kusombwa na mvua, na udongo ulioachwa uchi hupigwa na matone hadi ukafunga ganda. Moto ukirudiwa kila mwaka, mboji inayogandisha chembe za udongo hupungua.

Hilo unaweza kuliona nyumbani. Chota bonge dogo kutoka shamba linalochomwa, na jingine kutoka ukingoni pasipofikiwa na moto, udongo ukiwa wa aina moja. Yaanike kivulini hadi yakauke kabisa, maana bonge bichi hudanganya. Liweke kila moja kwenye chujio la chai lililoning'inizwa ndani ya glasi ya maji, lizame, usubiri dakika kumi. Lenye mboji hushikamana. Lililoikosa humomonyoka, maji yakawa tope. Kwa kichanga jaribio halina maana, kwani chenyewe hakishikani.

Anayechoma kwa kuogopa funza wa mabua na ayakate, ayalaze juani wiki kadhaa. Jua litawaua wengi.

Bwana shamba, nakiri, jaribio la glasi alilieleza vizuri kuliko mimi. Kisha akawaomba wasikilizaji watandaze taka zao vizuri kati ya mistari, nami nikazima redio.