Kifurushi cha Shangazi

Shangazi yangu anaishi Uingereza tangu nikiwa mtoto. Ni mtoto wa kwanza wa bibi yangu, na baba yake hakuwa babu yangu. Alikuwa mpigania uhuru aliyeishi katika kambi ya Kongwa, akaondoka shangazi akiwa mdogo, hakurudi tena. Mwaka jana, shangazi aliposikia nimeanza shahada ya uzamili ya historia, aliniomba nimtumie vitabu. "Nataka kujua yule mtu alifikaje Kongwa," aliniambia kwenye simu. Nauli ya posta niliyokuwa nayo ilitosha vitabu vinne na daftari moja. Hii ndiyo barua niliyoiweka juu yake.

Shangazi, shikamoo.

Vitabu nimevipanga kwa mfululizo. Naomba usianze na cha mwisho, ingawa najua ndicho unachokitaka.

Cha kwanza ni cha Mathias Mnyampala, *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, kilichotoka mwaka 1954. Hii ni nakala ya kutolea fotokopi, kurasa nyingine zimefifia, univumilie. Mnyampala wengi wanamjua kwa ngonjera, lakini alikuwa Mgogo aliyeandika habari za kwao. Nimekitanguliza kwa sababu vitabu vingine vitakuambia kwamba Kongwa ilikuwa pori tupu. Haikuwa tupu. Watu walilima uwele na mtama kwa kuwa mvua yetu ni chache na haina ahadi, na mifugo waliitawanya kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ukame ukipiga upande mmoja, upande wa pili ubaki na kitu. Njaa kubwa walizipa majina, kama Mtunya, ile ya miaka ya 1917 hadi 1920. Watu wenye kumbukumbu ya namna hiyo walikuwa na jambo la kumwambia mgeni yeyote anayetaka kulima huku.

Kitabu cha pili ni cha Alan Wood, cha mwaka 1950, kuhusu mradi wa karanga. Hapa Uingereza yako inaingia. Baada ya vita kuu ya pili, Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 walituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, nao ulizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ukapendekeza kulima ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwanzo ukawa Kongwa, mwaka 1947. Msimu wa kwanza walikusudia kupanda ekari 150,000. Walipanda kama 7,500.

Wood anaeleza vizuri kilichotokea. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya jeshi, yakaharibika haraka. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe. Udongo wetu una mfinyanzi ambao mvua ikikatika unakuwa kama tofali, na karanga hukomaa chini ya ardhi. Kwa hiyo hata pale zilipokubali kuzaa, kuzing'oa ilikuwa kazi nyingine. Mwanzoni mwa 1951 serikali yao iliufuta mradi pamoja na hasara ya takriban pauni milioni 36.

Ukimsoma Wood, kumbuka alikuwa mtu wa habari ndani ya shirika lenyewe la mradi. Yaliyotendeka ofisini na kwenye matrekta anayajua. Mgogo kwake anapita kwa mbali tu. Ndiyo maana nimemweka Mnyampala kabla yake.

Cha tatu ni cha Nicholas Westcott, cha mwaka 2020, kuhusu mradi huohuo. Huyu anaandika baada ya miaka sabini akiwa na nyaraka mbele yake. Soma zaidi anapozungumzia kilichobaki baada ya Waingereza kufunga. Ardhi nyingine iligeuzwa malisho, na ranchi ya Kongwa unayoikumbuka imetokana na hapo. Yalibaki pia majengo, barabara, na njia ya reli iliyokuwa imechepushwa kutoka reli ya kati kuja kubeba karanga ambazo hazikupatikana.

Majengo hayo ndiyo jibu la swali lako. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake yakawa Dar es Salaam. Wapiganaji walihitaji mahali pa kukaa na kufanyia mazoezi, mbali na mji na mbali na mipaka. Kongwa ilikuwa na mabaki ya mradi karibu na stesheni iliyoachwa. Kambi ikafunguliwa mwaka 1964. Wakaja watu wa FRELIMO, ANC, SWAPO, na baadaye wengine. Shangazi, kama karanga zingestawi, mahali pale pangekuwa shamba, na baba yako angepelekwa kwingine.

Cha nne ni cha Christian Williams, cha mwaka 2015, kuhusu kambi za SWAPO uhamishoni. Ndicho chako. Anaieleza Kongwa si kama uwanja wa mashujaa tu. Anaonyesha kungoja kwa miaka, manung'uniko dhidi ya viongozi, na wale waliowekwa kizuizini mwaka 1968 kwa kuhoji. Anaonyesha pia uhusiano wa wapiganaji na wenyeji, pamoja na wanawake wa Kongwa. Jina la baba yako sitegemei ulikute. Wengi walitumia majina ya vita, na jina alilolijua Bibi huenda ndilo hilo.

Hapo ndipo daftari linapoingia. Nilikaa na Bibi jioni tatu. Mwaka hakuutaja, kwa kuwa hahesabu kwa miaka, hivyo nikamwuliza kwa matukio. Alisema yule mtu alitoka "Sausi Westi", yaani Namibia ya leo. Nikamwuliza alikuwepo bado Mondlane alipouawa? Akajibu bila kusita: alikuwepo, redio ilitangaza, kambi nzima ilinyamaza, na wewe ulikuwa mgongoni hujaanza kutembea.

Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Kwa hiyo cheti chako kinachosema 1968 kinaelekea kuwa sahihi, na baba yako aliondoka baada ya hapo. Najua umekuwa ukitafuta miongoni mwa waliopigana Omugulugwombashe, tarehe 26 Agosti 1966. Wale walitoka Kongwa mapema, wa kwanza wakiwa mwaka 1965. Ikiwa Bibi anakumbuka vizuri, baba yako si mmoja wao. Umekuwa ukimtafuta kwenye orodha isiyo yake.

Naandika "ikiwa" kwa sababu kumbukumbu ya miaka hamsini na zaidi huweza kuunganisha vilio viwili kuwa kimoja. Lakini nilimwuliza tena siku ya tatu kwa njia nyingine, kuhusu nani alimnunulia kanga ya kukubebea, na alirudi kwenye msiba uleule.

Anza basi kutafuta walioondoka Tanzania kuanzia 1969. Kurasa nyingi za daftari bado ni nyeupe. Ukipata swali, niandikie, nitakwenda kumwuliza wakati bado anajibu.

Bibi anakusalimu. Amesema nikuandikie "mbukwenyi", hata kama umesahau jinsi ya kuitikia.

Mwanao, Dodoma.