Kwa nini Jumanne si siku ya nne

Mtu wa Kibumba akiambiwa kwamba jetoni za chakula zitagawanywa Jumanne, anaweza kusikia mambo mawili. Kama amezoea Kiswahili cha vitabu na cha redio za nje, atakwenda siku inayofuata Jumatatu. Lakini kama amezoea hesabu ya nyumbani, atasikia «nne» ndani ya jina lile, atajiwekea siku ya nne kichwani, na atafika Alhamisi wakati watu wamekwisha kurudi na magunia yao. Atakuwa amechelewa siku mbili kamili. Hajakosa kusikia, hata hajui vibaya kuhesabu. Kuna hesabu mbili za wiki ndani ya lugha moja, na kila moja ina mahali ilipoanzia.

Hesabu ya kwetu inajulikana na kila mtu katika Nyiragongo na mjini Goma. Siku ya kwanza ni ile wanafunzi wanaporudi shuleni baada ya misa na ibada. Kisha siku ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Halafu inakuja siku ya posho, na mwisho siku ya yenga. Anayezungumza Kinyarwanda anaikuta hesabu ileile kwa mama yake: kuwa mbere, kuwa kabiri, kuwa gatatu, hadi kuwa gatandatu, halafu ku cyumweru. Wiki inafunguliwa baada ya siku ya kusali ya Wakristo, na ya kwanza ni siku ya kwanza ya kazi. Jina la posho linatoka hapohapo kwenye kazi. Posho ni chakula alichopimiwa mfanyakazi, na wakati wa Wabelgiji wafanyakazi wa mashamba makubwa na wa migodi walipimiwa kwa wiki. Kilingala nacho kina neno mposo kwa Jumamosi, na mposo hiyohiyo ni wiki nzima.

Kiswahili chenyewe lakini hakikuzaliwa kwenye mashamba ya Wabelgiji. Kilizaliwa pwani, Lamu, Mombasa, Zanzibar, Kilwa na visiwa vingine, kati ya watu waliokuwa Waislamu kwa karne nyingi. Kwao siku kubwa ya wiki ni siku ya kukusanyika msikitini. Kwa Kiarabu inaitwa al-jumua, maana yake mkusanyiko, na Waswahili wakaifanya Ijumaa. Kutoka jina hilo wakapata pia juma, yaani wiki. Siku inayofuata mkusanyiko wakaihesabu kuwa ya kwanza: juma mosi. Mosi ni moja ya zamani, tunayoisikia hata leo katika kumi na mosi. Kisha juma pili, juma tatu, juma nne, juma tano.

Kwa hiyo Jumatatu ni siku ya tatu kweli, lakini ya tatu tangu Ijumaa. Sisi tunaiita ya kwanza kwa sababu tunaanza kuhesabu tangu Jumapili. Kati ya Ijumaa na Jumapili kuna siku mbili, na ndizo siku mbili anazochelewa yule mtu wa jetoni. Anayetaka kugeuza hesabu ya pwani iwe ya kwetu atoe mbili: Jumatatu inakuwa siku ya kwanza, Jumanne ya pili, Jumatano ya tatu. Anayekwenda upande wa pili aongeze mbili. Mgeni kutoka Mombasa akiambiwa huku kwamba chanjo ya watoto ni siku ya tatu, anaweza kuja Jumatatu na kukuta mlango wa kituo cha afya umefungwa.

Baada ya Jumatano hesabu ya pwani inakatika. Hakuna Jumasita. Inakuja Alhamisi, na hili ni neno la Kiarabu tupu: al-khamis, ya tano. Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili, ambayo ni al-ahad, ya moja, na Jumatatu yao ni ya mbili. Wakifika al-khamis wako kwenye tano. Kwa hiyo Kiswahili cha pwani kina siku mbili za tano zinazofuatana. Jumatano ni ya tano kwa hesabu ya Waswahili, na kesho yake Alhamisi ni ya tano kwa hesabu ya Waarabu. Mtoto wa shule akiuliza jambo hilo, mwalimu asimcheke, maana ameona kitu ambacho watu wazima wengi wamekipita.

Kwa nini siku tano zihesabiwe na mbili ziachwe na majina ya kigeni? Jibu zuri linaonekana katika miezi. Waislamu wa pwani wanafuata miezi ya mwandamo, na mwezi mkubwa kwao ni Ramadhani, mwezi wa kufunga. Mwezi unaofuata, ule wa Idi, Waarabu wanauita Shawwal. Waswahili wanauita Mfunguo Mosi, yaani wa kwanza tangu watu walipofungua. Unafuata Mfunguo Pili, kisha Mfunguo Tatu, ambao ndio mwezi wa kuhiji Maka, na hesabu inaendelea hadi Mfunguo Tisa. Mwaka mpya wa Kiislamu, unaoanza kwa mwezi wa Muharram, kwa Waswahili unaangukia Mfunguo Nne, katikati ya hesabu. Baada ya tisa namba zinakoma. Inakuja miezi mitatu yenye majina ya Kiarabu: Rajabu, Shaabani na Ramadhani.

Ukiweka wiki na mwaka sambamba, mpango ni mmoja. Hesabu inaanza mara tu jambo takatifu linapokwisha. Siku za kawaida na miezi ya kawaida zinapewa namba, na zinapokaribia tena siku ile au mwezi ule wa ibada, jina la Kiarabu linarudi. Alhamisi imeungana na Ijumaa kwa sababu kwa Waislamu siku inaanza jua likitua, na usiku wa Ijumaa unaingia Alhamisi jioni. Rajabu na Shaabani ndiyo miezi ya kujitayarisha kwa mfungo. Waswahili basi hawakumeza kalenda ya Waarabu jinsi ilivyo. Walichukua majina machache waliyoyahitaji kwa ibada, na sehemu kubwa iliyobaki wakaihesabu wenyewe kwa namba.

Na Wareno? Watu wengi wanawapa Wareno zaidi ya haki yao. Walifika pwani ya mashariki mwaka 1498 na Vasco da Gama, wakashika Mombasa kwa muda mrefu, na ngome yao huko, Ngome ya Yesu, ikaangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Miaka 200 hiyo imeacha maneno kama meza, bendera, kasha na gereza. Mtu anaweza kufikiri kwamba siku za namba nazo ni zao, kwa sababu Wareno, tofauti na Wafaransa, wanahesabu siku za wiki. Lakini Jumatatu yao inaitwa segunda-feira, ya pili, kwa kuwa wanaanzia Jumapili. Kama Waswahili wangaliiga Wareno, tungekuwa na Jumapili mahali pa Jumatatu. Namba zenyewe zinakataa, na hakuna jina hata moja la siku katika Kiswahili linalotoka kwao.

Njia ya kweli ya Wareno ilipita upande mwingine wa nchi yetu, kule Atlantiki. Diogo Cão alifika kwenye mdomo wa mto Kongo katika miaka ya 1480, na mwaka 1491 mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, akabatizwa. Wareno wanaita Jumapili domingo. Kikongo kikasema lumingu, na Kilingala kikasema lomingo. Neno hilo limepanda mto pamoja na Kilingala cha wanajeshi na cha wanamuziki, mpaka mtu anaweza kulisikia Goma katika wimbo bila kujua kwamba lina umri wa karne nyingi. Yenga yetu nayo ni ndugu wa eyenga ya Kilingala, yaani sikukuu.

Kiswahili cha pwani kilifika Maniema na wafanyabiashara wa Zanzibar, kina Tippu Tip, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Miji yao mikubwa ilikuwa Nyangwe na Kasongo. Kutoka huko lugha ikapelekwa mbali zaidi na utawala wa Wabelgiji, misheni na migodi. Watu walioipokea huku wengi hawakuwa Waislamu. Hawakuwa na sababu ya kuhesabu tangu Ijumaa, wala ya kufuata Mfunguo. Wakaishika lugha, wakaipa wiki yao wenyewe.

Miezi ya kalenda ya kawaida ni hadithi fupi zaidi. Januari, Machi, Mei na Julai za vitabu ni Kiingereza kilichovaa nguo za Kiswahili, urithi wa utawala wa Waingereza Kenya, Zanzibar na Tanganyika. Kwetu, barua za shule na za serikali zinakuja kwa Kifaransa, na mdomoni watu wanasema mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Huku namba zinasaidia. Juni na Julai, hata kwa Kifaransa chake, zinafanana sana redioni betri zikiwa zimechoka, lakini hakuna anayechanganya mwezi wa sita na wa saba. Majina ya kigeni yenyewe yana kosa lilelile la Jumanne. Septemba kwa Kilatini inatoka kwenye saba, nayo ni mwezi wa tisa, kwa sababu mwaka wa zamani wa Waroma ulianza Machi. Mwanzo ukahamishwa miezi miwili nyuma, jina likabaki. Oktoba, Novemba na Desemba ziko hivyohivyo: nane, tisa na kumi, kila moja ikiwa nyuma kwa mbili.

Kwa familia zilizohama Kibumba kwenda Kanyaruchinya mwaka 2022, hesabu hizi mbili zilikuwa pamoja katika uwanja mmoja: mzee wa shamba la viazi, mwalimu aliyesomea Kiswahili cha vitabu, mtumishi wa shirika aliyetoka Bukavu au Nairobi. Tangazo linalosema «Jumanne» peke yake linamfikia mmoja na kumpoteza mwingine. Ijumaa na Alhamisi hazina hatari hiyo, maana ndani yake hakuna namba ambayo sikio la Kibumba linaitambua. Hatari iko kwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na pia kwa Jumamosi, ambayo anayejua kwamba mosi ni moja anaweza kuipeleka siku ya kwanza. Jumapili haisumbui, kengele za kanisa zinatosha. Kwa hizo nne, msemaji ataje majina yote mawili na tarehe juu yake: Jumanne, ile siku ya pili, tarehe 6 mwezi wa tisa.