"Hasira" si "hasra"

Neno letu "hasira" limetoka katika Kiarabu "hasra". Lakini kwa Kiarabu hasra ni majuto, uchungu wa mtu aliyepoteza nafasi isiyorudi. Lilipofika kwetu likageuka kuwa kukasirika.

Kurani, sura ya 19, aya ya 39, inataja siku ya hasra. Mfasiri anayefuata sauti tu ataandika "Siku ya Hasira", na sisi tuliozoea Warumi 2:5 tutakubali upesi, maana pale Paulo anasema kweli juu ya siku ya hasira ya Mungu. Hapo ndipo penye mtego: kosa linasomeka vizuri. Aya ile yasema juu ya majuto ya walioghafilika, na wafasiri wa Kiswahili huandika "Siku ya Majuto". Biblia ya Kiarabu ya Van Dyck, katika Warumi 2:5, ina "ghadab", ndiyo ghadhabu yetu, ambayo haikugeuka.

Tukiwa na shaka, tuangalie uchungu unamwendea nani. Wa hasra humrudia mwenyewe. Wa hasira humwendea mwingine. Wala tusichanganye na "hasara", ambayo imetoka "khasara", neno lingine kabisa.