Ile Ada ya Kaunta Hulipwa na Nani?

Tangazo lililokuwa maarufu katika maduka yetu ya mitaani lilikuwa lile la "Leo pesa, mkopo kesho". Siku hizi kando yake pana kibandiko cha kijani chenye nambari ya kulipia kwa simu. Lakini yapo maduka ambayo hayana kibandiko hicho hadi leo, na wenyewe hukwambia waziwazi kwamba wanapokea noti na sarafu tu. Wengi huwaona kuwa watu waliopitwa na wakati. Hebu tuipitie historia ya jambo hili kabla ya kuwahukumu.

Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya Machi 2007. Ilizinduliwa kwa ajili ya mtu wa mjini kutuma pesa nyumbani, wala si kwa ajili ya kununua sukari. Wateja ndio walioiingiza dukani. Mtu aliishiwa na pesa mfukoni, akamwomba muuzaji nambari yake ya simu, akamtumia. Muuzaji naye aliipenda kwa sababu moja kubwa: tatizo la chenji. Kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa akipewa peremende au kiberiti badala ya shilingi zake tano. Kwenye simu hakuna chenji.

Hata hivyo, njia hiyo ina gharama pande zote mbili. Tuchukue ununuzi wa Sh1,000 kwa viwango vilivyoanza 2023. Anayetuma hukatwa Sh13. Muuzaji akizitoa kwa wakala ili amlipe mwenye gari la mkate, hukatwa Sh29. Jumla ni Sh42, na bidhaa ni zile zile. Ikiwa faida ya duka ni shilingi nane katika kila mia, muuzaji alitarajia Sh80. Sh29 zikishatoka, anabaki na Sh51.

Mwaka 2013 ikaja Lipa na M-Pesa, yaani ile nambari ya till. Hapo mzigo ulihama. Mnunuzi hakatwi kitu, na ada hubebwa na mwenye duka. Mwanzoni wengi waliikataa kwa sababu hiyo, na ada ikapunguzwa hatua kwa hatua. Kwa viwango hivyo vya 2023 ni asilimia 0.55, na malipo yasiyozidi Sh200 hayakatwi. Kwa hiyo Sh1,000 ile ile humgharimu Sh5.50, na pakiti ya maziwa haimgharimu chochote.

Basi mbona wengine bado wanakataa? Sababu ya kwanza ni yule mwenye gari la mkate. Pesa za simu humfaa mwenye duka iwapo anayemletea bidhaa naye anazikubali. Asipozikubali, lazima zigeuzwe noti, na hapo ndipo makato makubwa yalipo. Swali la kujiuliza kaunta basi si "mteja atalipaje?" bali "mimi namlipa vipi anayeniletea?"

Sababu ya pili ni kodi, na hii husemwa kwa sauti ya chini. Tangu Julai 2023, biashara ndogo inayouza zaidi ya Sh1 milioni kwa mwaka hutozwa kodi ya mauzo ya asilimia 3. Kumbuka ni ya mauzo, si ya faida. Katika Sh1,000 zetu ni Sh30, zaidi ya mara tano ya ada ya till. Kisheria kodi hiyo yadaiwa hata kwa aliyelipwa noti. Tofauti ni kwamba noti haiachi alama, na till huandika kila senti. Anayeikimbia till mara nyingi haikimbii ile Sh5.50.

Lakini daftari hilo hilo humlinda pia. Anayepokea kwa nambari yake binafsi huchanganya mauzo na karo aliyotumiwa na shemeji, na siku ya kuulizwa hawezi kuzitenganisha. Mwenye till anaonyesha mauzo peke yake.

Na yule anayepokea kwa simu ajihadhari na ujumbe bandia. Ujumbe wa kweli huja kwa jina MPESA, si kutoka nambari ya simu ya mtu, na salio lililoandikwa ndani yake hulingana na la awali likiongezwa malipo hayo. Asisome simu aliyoonyeshwa na mnunuzi. Asome yake mwenyewe, kisha ndipo aachilie mfuko wa unga.

Kwa hiyo, msomaji, ukikutana na mwenye duka anayetaka noti tu, usimcheke. Huenda amepiga hesabu zake. Muulize tu kama aliipigia hesabu na ile Sh29.